Uwiano umepanda, mafuta ya ndani yamepungua

Mama mmoja wa miaka 47 aliniletea ripoti mbili za DXA, skani ya mwili mzima inayopima mafuta, misuli na mifupa. Zilipishana miezi minane. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa `A/G Ratio`: mwanzo 0.91, sasa 0.95. "Daktari, nimejinyima bure?"

Hapana. Uwiano huo ni asilimia ya mafuta ya eneo la tumbo kugawa kwa asilimia ya mafuta ya nyonga na mapaja ya juu. Mwanzo tumbo lake lilikuwa na asilimia 42 na nyonga 46. Sasa tumbo ni 36 na nyonga 38. Kote kumepungua, ila nyonga zimepungua zaidi, na namba ya chini ikishuka kwa kasi, jibu la kugawanya hupanda. Ndiyo maana siusomi uwiano huu kabla sijaziona asilimia mbili zilizouzaa.

Kuna jambo jingine ambalo uwiano hausemi. Mafuta ya tumbo ni ya aina mbili: yale ya chini ya ngozi, unayoweza kuyafinya kwa vidole, na yale yanayozunguka utumbo na ini, ambayo ndiyo yanayoambatana zaidi na kisukari na magonjwa ya moyo. Uwiano unayachanganya yote. Unaoyatenganisha ni mstari wa `VAT Area`, na kwake ulishuka kutoka sentimita za mraba 138 hadi 104. Ripoti yake ina mipaka miwili, 100 na 160. Chini ya 100 ndiko tunakoelekea.

Hata hivyo, namba hiyo ni makadirio. Eksirei ya DXA inaona mwili kwa bapa, haioni kina. Mashine hupima unene wa mafuta ya chini ya ngozi pembeni mwa kiuno, inakadiria kiasi chake mbele na nyuma, kisha inakitoa kwenye mafuta yote ya tumbo. Kinachobaki ndicho inachokiita mafuta ya ndani. Kwa hiyo tofauti ya sentimita tano au sita siipi uzito. Ya 34 naipa.

Kabla ya kumhakikishia, niliangalia picha zenyewe. Maeneo yote mawili hupangwa kuanzia mstari unaopita juu ya mifupa ya nyonga. Mpimaji akiusogeza, tumbo na nyonga vyote vinahama, na namba zinabadilika bila mwili kubadilika. Niliweka karatasi mbili sambamba: mstari uko palepale, na mikono imeachana na kiwiliwili. Mkono ukigusa ubavu, mafuta yake yanaweza kuhesabiwa kuwa ya tumbo.

Nikamwandikia nyuma ya karatasi 138 na 104, nikamwomba kipimo kijacho akifanye kwenye mashine ileile, asubuhi kabla ya kula.