Umebonyeza 1, mashine haikusikia: dhana potofu na ukweli

Tuchukue karani wa duka la jumla la pembejeo mjini Nakuru. Anapigia benki kwa simu ya mezani, ile inayopitia intaneti ya ofisi. Sauti iliyorekodiwa inamwambia abonyeze 1 kwa Kiswahili. Anabonyeza, mlio anausikia vizuri, lakini sauti inarudi pale pale: hatujapokea chaguo lako. Anajaribu tena, yale yale. Anachukua simu yake ya mkononi, anapiga namba hiyo hiyo, anabonyeza 1, na menyu inafunguka papo hapo. Wenzake ofisini wana maelezo tayari, na karibu yote hayako sahihi.

Dhana: Nimesikia mlio, basi namba imefika.

Mlio unaousikia sikioni hutengenezwa na simu yako kwa ajili yako tu, ujue kitufe kimebonyea. Hauthibitishi kwamba kuna chochote kilichotoka. Ndiyo maana ukizima milio ya vitufe kwenye mipangilio ya simu ya mkononi, menyu ya benki bado itakuelewa.

Ishara yenyewe ni ya zamani. Kampuni ya Bell ya Marekani ilianza kuwauzia wateja simu za vitufe vya milio mwaka 1963, na mpango ule ule ndio tunaotumia hadi leo. Vitufe vimepangwa kwa safu za kulala na za kusimama, na kila safu ina sauti yake. Ukibonyeza kimoja, sauti mbili hulia kwa pamoja: ya safu yake ya kulala na ya safu yake ya kusimama. Kitufe cha 1 ni hezi 697 pamoja na hezi 1209. Kitufe cha 5 ni hezi 770 na hezi 1336. Zimewekwa mbili kwa sababu sauti ya mtu, redio au honi ya matatu inaweza kuangukia mojawapo kwa bahati, lakini ni vigumu ziangukie zote mbili kwa wakati mmoja, kwa nguvu zinazokaribiana, na kudumu. Kwa kawaida mashine hutaka mlio udumu angalau milisekunde 40 hivi, ukiwa safi, kabla ya kuukubali kuwa namba.

Dhana: Mlio husafiri pamoja na sauti yako, kwa hiyo kama tunasikilizana, namba nazo zinapita.

Hili ndilo kosa linalowapotosha wengi, na ndilo lililomkwamisha karani wetu.

Kwenye waya wa shaba wa zamani ilikuwa kweli. Leo sauti hubanwa kabla ya kusafirishwa, na kinachoibana, yaani kodeki, mara nyingi kimeundwa kwa kufuata jinsi koo na mdomo wa binadamu unavyotoa sauti. Kodeki ya G.711 haibani sana: hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, na milio hupita salama. G.729 hutumia kilobiti 8 tu. Maneno yataeleweka vizuri, lakini sauti mbili tupu zinazolia pamoja si maneno, nazo hutoka upande wa pili zikiwa zimepindika. Sikio la mtu litasema huo ni mlio. Mashine inayopima hezi itaukataa.

Waliobuni simu za mkononi waliliona hilo mapema. Kwenye mtandao wa GSM, ukibonyeza 1 simu haipitishi mlio kwenye njia ya sauti. Inapeleka ujumbe wa pembeni, si SMS, kwa mitambo ya kampuni ya simu: anza 1. Ukiachia kitufe, unafuata mwingine: acha. Mitambo ndiyo inayoutoa mlio safi kuelekea benki. Ndiyo sababu hata ukizima maikrofoni wakati wa simu, namba zinaendelea kupita.

Simu za intaneti nazo zina njia yao ya pembeni. Namba hutumwa kama pakiti, yaani vipande vidogo vya data, maalumu zinazosema, kwa mfano, tukio la 1, limedumu muda huu, limekwisha. Pakiti ya mwisho hutumwa mara tatu, ili moja ikipotea nyingine zifike. Lakini pande zote mbili lazima zikubaliane kuhusu njia hii simu inapoanza. Fundi aliyefungua kumbukumbu za mtambo unaoendesha simu za duka lile angekuta mwaliko wa simu, yaani ujumbe unaoanzisha mazungumzo na kutaja njia zinazopendekezwa, ukiwa hivi:

```
m=audio 12000 RTP/AVP 18
a=rtpmap:18 G729/8000
```

Hapo imetajwa G.729 peke yake. Njia ya namba haikuombwa, kwa hiyo mtambo umeurusha mlio ndani ya sauti iliyobanwa, nao umeharibika njiani. Mwaliko uliotakiwa ni huu:

```
m=audio 12000 RTP/AVP 18 101
a=rtpmap:18 G729/8000
a=rtpmap:101 telephone-event/8000
a=fmtp:101 0-15
```

Sauti bado inabanwa vile vile, intaneti haikuongezwa, simu haikubadilishwa. Kilichoongezwa ni `telephone-event`, na 0-15 ni orodha ya matukio: tarakimu kumi, kisha nyota ni 10 na alama ya reli ni 11. Kwenye mtambo unaotumia Asterisk, programu ya kuendesha simu za ofisi, badiliko lenyewe ni mstari mmoja katika `pjsip.conf`:

```
dtmf_mode=rfc4733
```

Inaniuma kuona ofisi ndogo zikishauriwa kununua simu mpya za mezani kwa tatizo la namna hii.

Dhana: Bonyeza kwa nguvu, au shikilia kitufe zaidi.

Nguvu ya kidole haina kazi yoyote hapa. Kushikilia nako kunaweza kuleta balaa: mlio mrefu uliomo ndani ya sauti ukikatika katikati kwa sababu ya pakiti zilizopotea, mashine huhesabu namba mbili. Bonyeza kawaida, achia, kisha endelea.

Dhana: Kubonyeza namba kwenye menyu ya sauti ni sawa na kupiga \*334#.

Hapana. Misimbo ile ya nyota na reli husafiri kama maandishi kati ya simu na mtandao, bila mlio wala simu ya sauti. Ikifanya kazi vizuri haikuambii lolote kuhusu menyu ya sauti.

Dhana: Mashine ikisema namba ya akaunti si sahihi, umekosea kuandika.

Huenda hukukosea. Kuna hitilafu nyingine ambayo ni kinyume cha ile ya kwanza: mtambo unatuma namba kwa njia ya pembeni, na wakati huo huo unaacha kipande cha mlio kivuje ndani ya sauti. Upande wa pili unavihesabu vyote viwili. Unaandika 4071, benki inapokea 44007711. Dalili yake ni kwamba menyu za kubonyeza tarakimu moja zinakubali mara nyingi, ila zile za namba ndefu zinakataa kila mara.

Ili kutofautisha hitilafu hizi mbili, mpigie mtu aliye Kisumu au kokote kwa simu hiyo hiyo ya mezani, bonyeza 5 kwa sekunde moja, umuulize alichosikia. Mlio uliokwaruza au unaotetemeka unaonyesha kwamba umepita ndani ya sauti iliyobanwa. Kimya peke yake hakithibitishi kitu, maana baadhi ya simu hupokea pakiti za tukio bila kuzitoa kama mlio. Kisha mpigie aliyekufungia laini, umwambie mambo matatu: namba uliyopiga na saa uliyopiga, kwamba simu ya mkononi inapita kwenye menyu ile ile, na kama tarakimu zinapotea au zinajirudia. Kwa hayo atajua aanze kuangalia mwaliko wa simu au mlio unaovuja.