Mkataba wa wakala pekee: unafungwa na nani, hufungwi na nini

Mwalimu, shikamoo. Poleni na jua la Newala.

Juzi mpwa wako alinipigia simu kwa hasira kidogo. Anasema dalali mmoja hapa mjini amemwambia kwamba wewe "umeshafungwa", umesaini kununua nyumba kwangu, kwa hiyo huwezi kuangalia nyumba nyingine hata ukipewa bure. Si mara ya kwanza kusikia hivyo. Wengine wanasema mkataba huu ni wa kushikiliwa nyumba, na wengine wanadhani wamenipa uwakili wa kuwanunulia. Kwa kuwa karatasi unayo mkononi na hujaisaini bado, naona nikuandikie taratibu badala ya kubishana na watu kwenye simu.

Mkataba wa wakala pekee wa mnunuzi unasema hivi: kwa muda uliotajwa, katika eneo lililotajwa, mtu wa kukutafutia na kukupatanishia nyumba ni mimi peke yangu, na kazi ikifanikiwa nalipwa kamisheni iliyoandikwa humo. Kwenye karatasi yako muda ni siku 90, eneo ni Manispaa ya Mtwara Mikindani, na aina ni nyumba ya kuishi yenye hati, bei isizidi milioni 60. Kwa hiyo ukiona shamba Naliendele au kiwanja kitupu Mikindani ukakipenda, hilo haliko kwenye mkataba wetu na sina cha kukudai.

Umeona hakuna nyumba iliyotajwa humo kwa namba wala kwa mtaa. Unachofungwa nacho ni mtafutaji. Siku 90 zikiisha hukupenda hata moja, unaondoka na pesa yako na mimi naondoka na jasho langu.

Sasa nije kwenye jambo linalowachanganya watu, na linalowagharimu pesa hasa. Neno "pekee" lina kina cha aina mbili, na karatasi mbili zinazofanana kwa kichwa cha habari zinaweza kutofautiana sana kwa mstari mmoja wa ndani.

Aina ya kwanza: huruhusiwi kutumia dalali mwingine, lakini ukijipatia nyumba mwenyewe, bila dalali yeyote katikati, hunidai na sikudai. Shemeji yako anauza nyumba yake ya Chuno, mmekaa kwenye msiba mkaongea, mkakubaliana. Hiyo ni yako. Aina ya pili: nyumba yoyote utakayonunua ndani ya muda ule, hata ya shemeji, hata ya jirani aliyekuita dirishani, wakala analipwa. Ukitaka kuitambua aina ya pili usisome kichwa cha habari, tafuta maneno kama "nyumba yoyote atakayoipata mnunuzi kwa njia yoyote". Yakiwemo hayo, na ukasaini, shemeji hakuokoi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikuulizi kama ulisoma. Inataka kujua kama ulikubali kwa hiari yako na kama una akili timamu.

Wanaotumia aina ya pili si wezi wote. Fomu nyingi zinazozunguka zimechukuliwa mtandaoni kutoka nchi kama Marekani, ambako nyumba nyingi zinazouzwa zimo kwenye orodha za pamoja za mawakala, na karibu kila nyumba ina wakala. Kule, tangu Agosti 2024, mawakala wanaotumia orodha hizo hawaruhusiwi kumtembeza mnunuzi ndani ya nyumba kabla hawajaandikishana mkataba, na kiasi cha malipo lazima kiandikwe wazi, na wakala asipokee zaidi ya hapo kutoka upande wowote. Hilo la mwisho ni zuri na nimelichukua. Lakini mstari wa "njia yoyote" ukiuleta Mtwara, ambako nyumba nyingi zinauzwa kwa undugu na kwa maneno ya barazani, unakuwa mtego. Kwenye karatasi yako nimeufuta. Angalia kifungu cha 4 kwa macho yako.

Nikupe mfano wa nyumba ile ya Ligula, kwa kuwa ndiyo iliyoleta maneno.

Dalali aliyezungumza na mpwa wako anaitaja kwa milioni 58. Mimi nimeongea na mwenye nyumba mwenyewe, anataka 54, na kwa jinsi alivyokuwa anaongea anaweza kufika 53. Zile nne za katikati ni cha juu. Unajua mchezo wenyewe: mwenye nyumba anamwambia dalali wa kwanza bei yake, naye anamwambia mwenzake kwa bei iliyoongezwa, huyu naye anaongeza, hadi ikifika kwako haifanani na ya mwenyewe. Hapo kila mmoja anakuambia anakusaidia wewe, na hakuna hata mmoja aliyekuahidi kwa maandishi.

Tuseme umesaini kwangu, tumekwenda kwa mwenyewe, mmekubaliana milioni 53. Kamisheni yangu ni asilimia 3, yaani 1,590,000. Mwenye nyumba akikubali kuchangia laki tano kwenye kazi yangu, ile laki tano inapungua kwenye deni lako, nawe unalipa 1,090,000. Siruhusiwi kuiweka mfukoni halafu nikakudai nzima. Siruhusiwi pia kukutajia 55 nikabaki na mbili. Wakala anayejitengenezea faida ya siri kwenye biashara ya aliyemtuma, sheria inampa aliyemtuma haki ya kuidai faida hiyo. Ndiyo maana dalali wa cha juu haupendi mkataba huu, ingawa kwako anauita kifungo.

Tuseme sasa umesaini kwangu, kisha mpwa wako akamfuata yule dalali mwingine na mkanunua nyumba ya Magomeni kupitia kwake, ndani ya zile siku 90. Hapo kamisheni yangu inadaiwa, na yeye naye ana chake. Unalipa mara mbili kwa nyumba moja. Ubaya halisi wa mkataba huu uko hapa na sitaki kuuficha. Kama kuna dalali ambaye tayari amekuonyesha nyumba fulani kabla yangu, niambie leo, tuiandike nyumba hiyo pembeni kwamba haimo. Nafasi ya kuandika ipo chini ya kifungu cha 4. Ukishasaini bila kuiandika, tutabaki kutegemea uungwana, na uungwana mbele ya milioni na nusu huwa unachoka haraka.

Kuna mkia pia. Mkataba ukiisha, kwa siku 60 zaidi bado nadai kamisheni ukinunua nyumba niliyokuonyesha mimi. Sababu yake unaifahamu: watu walikuwa wanasubiri siku ya 91 ndipo wanamfuata mwenye nyumba usiku. Lakini mkia huu unashika nyumba zilizo kwenye orodha tu. Kila nikikuonyesha nyumba nakutumia ujumbe wenye mtaa, jina la mwenyewe, na tarehe, nawe unajibu "nimeiona". Nyumba isiyo na ujumbe huo sina haki nayo, hata kama niliitaja kwa mdomo tukiwa kwenye bajaji. Ukikutana na karatasi ya mtu mwingine yenye mkia wa miezi sita au isiyo na orodha, ikatae, au iandikwe upya.

Kujitoa ni rahisi kuliko watu wanavyosema. Unanipa taarifa ya maandishi ya siku saba, hata kwa ujumbe wa simu, bila kunieleza sababu. Baada ya hapo uko huru kwa kila nyumba, isipokuwa zile za kwenye orodha mpaka mkia uishe.

Mimi nafungwa na nini? Sheria inanitaka nifuate maagizo yako, nikupe taarifa, na nikutolee hesabu ya kila shilingi. Karatasi inaongeza mambo matatu. Nitakwenda Ofisi ya Ardhi kufanya upekuzi wa hati kabla hujatoa hata senti, tujue mmiliki ni nani na kama kuna benki inayoidai. Nitakutana na mke au mume wa muuzaji, kwa sababu nyumba ya ndoa ikiuzwa bila ridhaa ya mwenzi mauzo yanaweza kugomewa mahakamani, na hili hapa kwetu linatokea kuliko watu wanavyokiri. Na kama muuzaji naye ni mteja wangu, nakuambia siku hiyo hiyo, na wewe ndiye unayeamua kama niendelee kwenye nyumba hiyo, maana siwezi kukupunguzia bei na kumpandishia yeye kwa mdomo mmoja.

Ambacho sijapewa ni kukununulia. Huo ni uwakili wa kisheria, unaandikwa kwa hati nyingine kabisa mbele ya wakili, na sikushauri umpe dalali yeyote, mimi nikiwemo. Saini ya kununua unaweka wewe. Pesa za mafao yako hazipiti kwenye akaunti yangu, zinakwenda kwa muuzaji, wakili akishuhudia. Na wakili huyo mlipe wewe, uchague wewe. Muhuri wa serikali ya mtaa peke yake hauhamishi hati, hata kama mwenyekiti ni mtu mwema.

Nimwombe mpwa wako, kwa heshima, aache kumwambia dalali yule kwamba nyumba ya Ligula "tumeishikilia". Hatujaishikilia. Hata ungekuwa umesaini mkataba wangu jana, mwenye nyumba hakusaini chochote na anaweza kuiuza leo jioni kwa mwingine bila kumkosea mtu. Kuishikilia ni makubaliano kati yako na yeye: malipo ya awali, maandishi yanayosema yanarudishwa lini na yanapotea lini, na upekuzi uwe umekamilika kwanza. Malipo ya korosho yakianza kuingia, kuanzia Oktoba, wanunuzi wa kutoka Tandahimba na Newala kwenu huko wanateremka na pesa taslimu, na ile 53 sidhani kama itakuwepo. Kwa hiyo kama bado unaitaka, mwambie mpwa wako ampigie mwenye nyumba amuulize kama yuko tayari kusubiri wiki ya upekuzi. Hilo anaweza kulifanya bila wewe kusaini kitu kwangu.

Ukiwa na neno kwenye kifungu cha 4, lipigie mstari kwa kalamu, piga picha unitumie.

Marahaba zako nazipokea kwa mbali, Mwalimu.