Gumba likifa ganzi baada ya bolingi, angalia matundu ya mpira kwanza

Wengi wanaofika kwenye kliniki yetu ya tiba ya michezo wakilalamika mkono unauma sababu ya bolingi wanakuwa washahamia mpira mwepesi, mtu katoka pauni 14 kashuka hadi 10 na mkono bado unauma vile vile. Uzito una mchango wake, sikatai. Mwisho unaoruhusiwa ni pauni 16, kama kilo 7.3 hivi, na ukiona mpira unakushusha bega kabla hata hujaurusha basi huo ni mzito kwako, punguza. Ila mara nyingi kinachoumiza ni matundu ya kuingizia gumba na vidole.

Mpira unaokutosha unakaa mkononi bila kuubana. Tundu la gumba likiwa pana unahisi mpira unataka kuchomoka, kwa hiyo unakunja gumba na kulikaza bila kujua, kila ukirusha. Sasa upande wa gumba unaotazama kidole cha shahada kuna neva inapita chini tu ya ngozi, na ukingo wa tundu unaisaga hapo hapo. Ikisagwa miezi na miezi tishu zinaizunguka zinakuwa ngumu, kinatokea kinundu, ukikigusa unapigwa kama shoti hadi nchani.

Dada mmoja alikuja na ganzi ya hivyo, anacheza na mpira wa ukumbini wa pauni 12. Tukamwambia aingize gumba lote, halafu alaze kidole cha kati na cha pete juu ya matundu yake bila kuvinyoosha kwa nguvu. Kwa mshiko wa kawaida, ule wa vidole kuingia hadi kiungo cha pili, mkunjo wa kiungo hicho unatakiwa upite ukingo wa karibu wa tundu kwa milimita 6 hivi. Wake haukufika hata ukingoni, yaani umbali kati ya matundu ulikuwa mrefu kuliko mkono wake, akiingiza vidole gumba linatoka nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndani ndiyo anayoikunja ili mpira usidondoke. Hapo angeshuka hadi pauni 8 kwa vipimo vile vile bado angebana tu.

Alipumzika mpaka ganzi ikaisha, kisha akatobolewa mpira wake, pauni 12 hizo hizo, umbali mfupi zaidi, tundu la gumba linaloshika ngozi pande zote lakini linaachia bila kuvuta, na kingo zikasagwa zikawa mviringo. Anabandika na tepu ndani ya tundu, anaongeza au kubandua kipande maana gumba huvimba na kusinyaa katikati ya mchezo. Kama una mpira wako tayari usiutupe, matundu yanazibwa kwa resini yanatobolewa upya.

Ila ganzi ikiwa bado ipo kesho yake usirushe tena, muone daktari, maana neva iliyokwisha kuzungukwa na tishu ngumu wakati mwingine inahitaji upasuaji.