Horemhebu alitawala miaka mingapi?

Swali hili nimekuwa nalo kwa miaka mingi, nami hulipenda kwa sababu majibu yake ya kale hayakaribiani hata kidogo. Manetho, kuhani wa kale aliyeandika historia ya Misri, kama alivyonukuliwa na mwanahistoria Yosefo, anampa farao huyu wa Misri miaka 4 na mwezi 1. Katika kaburi la Mesi huko Sakara, hata hivyo, kumechongwa kumbukumbu ya kesi ya shamba inayotaja mwaka wa 59 wa Horemhebu.

Idadi hiyo ya pili haina maana kwamba alikaa madarakani miaka 59. Orodha ya wafalme ya Farao Seti wa Kwanza huko Abido inaruka kutoka Amenhotepu wa Tatu hadi Horemhebu moja kwa moja, kana kwamba wafalme wa katikati, kama Akhenateni, Tutankhamuni na Ai, hawakuwahi kuzaliwa. Karani wa mahakama naye aliwafuta vivyo hivyo, na miaka yao, takriban 32, akaiandika kwa jina la Horemhebu. Ukiitoa katika 59 unabaki na 27 hivi. Kwa kuwa kuna maandishi ya wino kwenye kipande cha sanamu kutoka hekalu lake huko Medineti Habu yanayotaja mwaka wa 27 pamoja na jina lake, wengi wetu tuliona hesabu imefungwa.

Ikafunguliwa upya na vigae. Timu iliyochimba kaburi lake katika Bonde la Wafalme mwaka 2006 na 2007 ilipata vipande vya mitungi ya mvinyo vyenye maandishi ya wino: mwaka wa utawala, aina ya mvinyo, shamba ulikotoka na msimamizi wa mizabibu. Mwaka wa juu kabisa ni wa 14. Mvinyo wa mazishi kwa kawaida ulikuwa wa mavuno ya karibuni, hivyo mwaka mkubwa kuliko yote ndio wa kutazamwa. Mtungi mkuukuu mmoja hausumbui: katika kaburi la Tutankhamuni, aliyetawala miaka ipatayo 10, umo mmoja wa mwaka wa 31, ambao bila shaka si wake.

Mimi huegemea miaka 14, ingawa ni hoja ya kutokuwepo kwa kitu, na mtungi mmoja wa mwaka wa 20 ungetosha kuivunja. Maandishi ya sanamu hayanizuii, kwa kuwa mwaka wa 27 unaweza kuwa wa mfalme wa baadaye, siku sanamu ya Horemhebu ilipoingizwa hekaluni kwa sherehe. Kaburi lenyewe, ambalo mapambo yake yaliachwa nusu, linafanana na la mtu aliyekufa kabla ya mafundi kumaliza. Na kwa kuwa mwanzo wa utawala wa Ramsesi wa Pili, aliyekuja baada yake, huwekwa mwaka 1279 KK kwa hesabu ya mwezi mwandamo, miaka 13 inayopungua tukitoka 27 hadi 14 inamsogeza Tutankhamuni karibu nasi kwa miaka hiyo hiyo 13.