Swali ambalo mashine ya presha haiwezi kulijibu

Mama mmoja mwenye umri wa miaka 38, muuzaji wa leso katika Mtaa wa Biashara hapa Mombasa, aliletwa kwangu na mumewe akiwa na daftari la shule lililojaa vipimo vya presha. Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, na hapa nitamwita Mama Salma. Jirani yake wa Likoni alikuwa amepata kiharusi ghafla akiwa jikoni. Wiki ile ile Mama Salma alinunua mashine ya presha, na kufikia siku tuliyoonana alikuwa akijipima mara 14 kwa siku, huku akijitazama kwenye kioo cha duka kuhakikisha kwamba mdomo haujapinda. Daktari alikuwa amekwisha kumpima kwa ukamilifu, akampima na moyo kwa mashine ya umeme, na hakuona ugonjwa wowote.

Nilimwomba aendelee kujipima kama kawaida kwa siku tatu, ila aongeze safu mbili katika daftari: shaka yake ni kiasi gani kati ya 0 na 100 mara tu baada ya kipimo, na ni kiasi gani saa moja baadaye. Siku ya kwanza, saa 2:10 asubuhi, mashine ilisoma 118/76, na shaka ikashuka kutoka 80 hadi 20. Saa moja baadaye ilikuwa imepanda tena hadi 70, na pembeni alikuwa ameandika: "Nilipima mkono wa kushoto. Wa kulia je?" Alipima wa kulia akapata 127/82. Tofauti ile ikamtia hofu, akapima mara tatu mfululizo bila kupumzika, na kipimo cha mwisho kikasoma 139/88.

Presha ya mtu mzima hupanda na kushuka siku nzima, na mabadiliko ya pointi 10 ndani ya dakika chache ni jambo la kawaida kabisa. Kuzungumza huipandisha, kibofu kilichojaa huipandisha, na hofu huipandisha kwa sababu mwili unaohisi hatari huongeza kasi ya moyo na kubana mishipa. Ndiyo sababu anayetakiwa na daktari kujipima nyumbani huelekezwa akae dakika tano akiwa ameegemea, miguu yote miwili ikiwa sakafuni na mkono ukiwa usawa wa moyo, apime mara mbili kwa kupisha dakika moja, asubuhi na jioni, kisha daktari aangalie wastani wa siku kadhaa. Mama Salma alikuwa akifanya kinyume cha kila moja ya hayo, akipima hofu yake na kuisoma kama ugonjwa.

Hata hivyo, kumfundisha kupima vizuri kusingetosha, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye mashine. Daktari aliulizwa: "Je, presha yangu iko sawa leo?" Akajibu kwa vipimo. Lakini swali lililokuwa likimkosesha usingizi Mama Salma lilikuwa jingine: "Je, unaweza kunihakikishia kwamba sitaanguka kama jirani yangu?" Hakuna mashine, daktari wala mume anayeweza kulijibu hilo. Kwa hiyo kila jibu jema alilopewa lilipokewa, likamtuliza kwa muda, kisha shaka ikaligeukia jibu lenyewe: labda mashine ni mbovu, labda daktari alikuwa na haraka, labda kitambaa cha mkononi hakikukaza vizuri. Shaka ambayo asubuhi ilihusu mwili mmoja, jioni inahusu mwili, mashine, daktari na mume.

Watafiti wa Uingereza Paul Salkovskis na Hilary Warwick waliueleza mzunguko huu mwaka 1986. Nafuu inayofuata kipimo ni ya kweli, na kwa kuwa ni ya kweli, ubongo hujifunza kwamba kipimo ndicho kilichoiondoa hatari. Mtu hapati nafasi ya kugundua kwamba hofu ile ingeshuka yenyewe kama angeiacha. Wasomaji wanaomjua mtu mwenye wasiwasi wa udhu wamekwisha kuuona mzunguko huu: anarudia kuosha mkono, anapata utulivu kidogo, na kila marudio yanamfanya aamini kidogo zaidi kwamba udhu wa kwanza haukutimia.

Kumbukumbu nayo huingia katika mtego huo. Siku ya pili Mama Salma aliandika kwamba alikuwa ametoka kujipima, lakini hakuwa na hakika kama aliona 118 au 181. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, Marcel van den Hout na Merel Kindt, waliwapa watu wasio na ugonjwa wowote jiko la gesi lililochorwa kwenye kompyuta, wakawataka walizime na kulikagua mara 20. Walipoulizwa kuhusu ukaguzi wa mwisho, majibu yao yalikuwa sahihi, lakini picha ilikuwa imefifia akilini mwao na hawakuiamini tena kumbukumbu yao. Hata mtu mzima wa akili, akirudiarudia kukagua, huanza kutilia shaka alichokiona kwa macho yake, na ndiyo maana sipendi kusikia wagonjwa wangu wakiitwa waoga.

Kazi yetu ilianza kwa mume. Kila usiku aliulizwa, "Baba Salma, hebu nitazame, uso wangu haujaenda upande?" naye kwa mapenzi akajibu, "Hauna kitu, Mama Salma," mara sita, mara saba, mpaka akachoka na kufoka. Hatukumwambia anyamaze, kwa kuwa kunyamaza kungeonekana kama kuficha habari mbaya. Wote wawili walikubaliana jibu moja: "Hilo ni swali la wasiwasi, na tuliahidiana nisilijibu. Njoo tukae." Vipimo tulivipunguza kwa kuvichelewesha: hamu ya kupima ikija, asubiri dakika 15 huku akiendelea kukunja leso, kisha dakika 30, kisha saa nzima, akiandika shaka inavyokwenda bila kipimo. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, shaka ikafika 95, na alilia mbele yangu. Wiki ya tatu safu ile ilionyesha 85, kisha 60, kisha 35 ndani ya dakika hamsini, bila mashine kuguswa.

Mpango huu ni kwa mtu aliyekwisha kuchunguzwa, na si wa mgonjwa wa presha aliyeelekezwa na daktari kujipima. Ishara mpya haziingii katika mkataba huo: uso kulegea upande mmoja ghafla, mkono kukosa nguvu, maneno kukwama, ni za kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Mama Salma alizijua, tukaziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Tofauti aliyojifunza ni kujiuliza kabla ya kunyoosha mkono: je, kuna jambo jipya ninalotaka kulijua, au ninataka tu kutulia? Ikiwa jibu analolitafuta amekwisha kulipata leo, basi anatafuta utulivu.

Katika mwezi wa tatu wa mpango wetu alimpa mama mkwe ile mashine, maana yeye anatumia dawa za presha na daktari wake anataka vipimo vya asubuhi na jioni. Shaka bado humjia Mama Salma, hasa akiwa kwenye feri ya Likoni na moyo ukimwenda mbio kwa joto na msongamano. Aliniambia kwamba huiacha ivuke naye, na kwamba mara nyingi wakifika ng'ambo huwa amekwisha kuisahau.