Maana nyingi si utata

Wiki hii nimelisikia tena, safari hii kwenye redio, daladala ikiwa imesimama Usa River kusubiri abiria. Mtangazaji aliulizwa na msikilizaji kuhusu neno "panda" akajibu kwa kujiamini: "Hilo ni neno lenye utata." Kisha akaweka muziki. Walimu wanasema hivyo, wahariri wanasema hivyo, na madaftari ya watoto wetu yamejaa orodha za "maneno yenye utata": paa, kaa, mbuzi, kata, panda.

Maana yenyewe haichukui muda. Neno likiwa na maana zaidi ya moja, hilo ni neno lenye maana nyingi, basi. Utata ni hali ya sentensi, au ya kauli nzima, ambayo msikilizaji akishaisikia yote na kujua imesemwa wapi, bado anabaki na maana mbili mkononi na zote zinafaa. Neno peke yake haliwezi kuwa na utata kwa sababu neno peke yake bado halijasema kitu.

Lisikilize neno lenyewe. Mzizi ni -tata, hali ya nyuzi kushikana na kuviringana zisijulikane mwanzo wala mwisho. Ukiongeza kiambishi kile cha kugeuza tendo, kinachofanya ziba iwe zibua na funga iwe fungua, unapata tatua: kufumbua kilichojisokota. Uzi mmoja uliolala mezani hauna cha kutatuliwa. Kujisokota kunahitaji nyuzi kadhaa, na katika lugha nyuzi hizo ni maneno yaliyokaa pamoja.

Mara nyingi wala hayajisokoti, kwa sababu Kiswahili kina ngeli. Chukua jina la mji wa Moshi. "Moshi umetanda mpaka barabarani" ni wa majani yanayochomwa shambani; "Moshi imetanuka mpaka barabarani" ni mji. Neno ni lile lile, na kwa kuwa limeanza sentensi hata herufi kubwa haikusaidii, lakini u- na i- zimemaliza kazi kabla hujafika kwenye kitenzi chenyewe. Vivyo hivyo "mbuzi wangu amepotea" na "mbuzi yangu imepotea": yule wa kwanza anatafutwa malishoni, ya pili inatafutwa jikoni, nazi ikiwa imeshavunjwa. Kiingereza hakina msaada huu. Neno lao la benki ni hilo hilo la ukingo wa mto, na hakuna kiambishi cha kukunong'oneza lipi ni lipi. Lazima uangalie kama jirani yake ni mkopo au ni maji.

Panda ndiyo ngumu zaidi, na ndiyo maana nalitetea. Hapa ngeli hainisaidii sana, maana mbili zinazosumbua ni za vitenzi na vyote vinachukua viambishi vile vile: amepanda, watapanda, imepandwa. Lakini jaribu kutafuta kinyume. Aliyepanda Mlima Meru atashuka. Bei ya mahindi iliyopanda itashuka. Aliyepandishwa cheo anaweza kushushwa. Hao wote ni ndugu, ni maana moja ya kwenda juu iliyosambaa. Mahindi yaliyopandwa Machame hayashuki. Yanavunwa, au yanang'olewa. Hilo ni neno jingine kabisa lililovaa sauti ile ile, ndiyo maana kamusi hulipa kidahizo chake na namba yake.

Ukishajua kuwa yako mawili, unachagua kwa kuangalia kilichopandwa. Basi, farasi, ngazi, jukwaa: ni kukwea au kuingia. Mbegu, miche, maharage: ni kutia ardhini. "Amepanda maparachichi" haina shida, kwa sababu hakuna anayekwea matunda. Ila usikimbilie neno la kwanza linalokuvutia. "Mlima umepandwa" inakupeleka moja kwa moja kwenye kilele, na ukisubiri kidogo unasikia "umepandwa miti", nawe unateremka haraka. Jirani aliyekuja mwisho ndiye aliyekuwa na jibu.

Mmarekani Warren Weaver aliliandika jambo hili mwaka 1949 akifikiria tafsiri za mashine. Alisema chukua karatasi yenye kitundu cha kuonyesha neno moja tu, utashindwa kujua maana yake. Panua kitundu uone maneno machache ya kushoto na ya kulia, na wakati fulani maana itajitokeza. Swali lake lilikuwa kitundu kiwe na upana gani.

Sasa pima na hii: "Watoto wamepanda miti."

Panua kitundu unavyotaka, sentensi imekwisha. Miti inakwewa na miti inapandwa. Watoto wanafanya yote mawili, tena kwa furaha. Huu ndio utata, na hakuna neno hata moja ndani yake ninaloweza kulilaumu peke yake. Ukiongeza "waambie wateremke", umekwisha. Ukiongeza "waambie wamwagilie", umekwisha pia. Ukisema "wamepanda ule mwembe wa bibi" umekwisha kwa njia nyingine kabisa: sarufi haikukataza kitu, ila unajua kuwa mwembe wa bibi ulikuwapo kabla watoto hawajazaliwa. Hapo umechagua kwa kuijua dunia. Mwaka 1960 mwanafalsafa Yehoshua Bar-Hillel aliibana mashine hapo hapo, kwa sentensi kuhusu sanduku lililokuwa ndani ya "peni". Kwa Kiingereza neno hilo ni kalamu, na pia ni kizimba cha mtoto kuchezea. Mtu anachagua kizimba bila kufikiri kwa kuwa anajua sanduku haliingii kwenye kalamu, na ujuzi huo haumo katika neno lolote la sentensi.

Wakati mwingine hata kuijua dunia hakutoshi. Weka bango chini ya nyaya za umeme mkubwa, zile zinazokatiza mashamba: MARUFUKU KUPANDA MITI HAPA. Kutia mche pale ni hatari, utakua ufikie waya. Kukwea mti uliokwishafika pale ni hatari zaidi. Mwenye bango anaweza kuwa alimaanisha lolote, na msomaji mwenye akili timamu hana njia ya kujua. Dawa si kuliondoa neno panda katika lugha, ni kuandika "kuotesha miti" au "kukwea miti", kutegemea unamkataza nani.

Kwa hiyo sidai kwamba watu waache kutumia neno utata. Nalipenda, na ningependa libaki na kazi yake. Mwalimu wa Kidato cha Tatu anayetunga mtihani na kuandika "Taja maneno matano yenye utata" anapokea orodha ya kukariri, ambayo mtoto anaweza kuinakili bila kuelewa chochote. Abadilishe kidogo tu, aandike "Tunga sentensi mbili zenye utata, kisha uuondoe utata huo kwa kuongeza maneno yasiyozidi matatu." Na atakayeandika "Mbuzi amekula majani" asipewe alama.