Upungufu si changamoto, na bakaa si akiba

Ripoti nyingi za robo mwaka ambazo asasi ndogo huwapelekea wafadhili wao zina kichwa kimoja kinachobebeshwa kila kisichokwenda sawa: Changamoto. Chini yake utakuta mvua, bei kupanda na gari kuharibika. Katikati ya hayo, kama jambo dogo, utasoma kwamba shule 2 kati ya 6 hazikupata tanki la maji. Hilo la shule si changamoto. Ni upungufu, na mahali pake ni ukurasa wa kwanza.

Upungufu ni tofauti kati ya kilichoahidiwa kwa kipindi fulani na kilichofanyika ndani ya kipindi hicho. Hupimwa kwa kipimo kilekile cha ahadi: aliyeahidi matanki, upungufu wake ni matanki. Changamoto ni kikwazo kilichokutana na kazi njiani, na kinaweza kuwapo bila kuacha upungufu wowote. Gari linaweza kuharibika wiki mbili na matanki yote 6 yakasimama.

Neno lenyewe linasema wazi. Kutoka pungua tunapata sifa -pungufu, na kutoka hapo upungufu, kama haribu ilivyozaa -haribifu na uharibifu. Kupungua kunadai kiasi: kitu hakipungui hewani, hupungua kutoka kiwango kinachojulikana. Ndiyo maana daktari akisema upungufu wa damu ana kipimo mkononi, na mwalimu mkuu akisema upungufu wa walimu anajua wangapi walitakiwa. Changamoto limetoka ukoo mwingine, wa changamka na changamsha. Ndani yake mna kuamshwa na kutiwa ari, jambo gumu linalomfanya mtu ajikaze. Kumwandikia mfadhili kwamba matanki 2 yaliyokosekana ni changamoto ni kumpa hisia mahali alipohitaji hesabu.

Kuna pia mapungufu, linalozidi kuonekana kwenye ripoti hizi. Wapo wanaolikataa kabisa kwa sababu za sarufi, lakini ubishi huo tuuache, maana ugonjwa na magonjwa wameishi pamoja muda mrefu. Tatizo la mapungufu kwenye ripoti ni kwamba limehamia kwenye maana ya kasoro, kama mtu anaposema mapungufu ya uongozi. "Kulikuwa na mapungufu katika utekelezaji" ni ungamo lisilotaja kosa. Msomaji hajui kama limekosekana tanki moja au yamekosekana yote.

Neno la tatu ni bakaa, na hapa ndipo upungufu hujificha vizuri zaidi. Bakaa na baki ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu: ni fedha iliyosalia baada ya matumizi na madeni ya kipindi kutolewa. Haisemi kwa nini imesalia. Asasi ikiandika "tumeokoa" kiasi fulani, inadai kazi yote imefanyika kwa gharama ndogo kuliko ilivyopangwa. Mara nyingi kazi ndiyo iliyobaki, na fedha imebaki pamoja nayo.

Tuchukue mfano wa asasi iliyoko Dodoma. Imeahidi kuvuna maji ya mvua katika shule za msingi 6 kati ya Aprili na Juni, kila moja tanki la lita 10,000, msingi wa zege na mifereji ya paani, kwa shilingi 3,000,000 kwa shule. Bajeti ya robo ni 18,000,000. Mwisho wa Juni shule 4 zimekamilika, zimetumika 13,400,000, na bakaa ni 4,600,000.

Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba asilimia 74 ya fedha imetumika na kazi inaendelea. Lakini kazi iliyofanyika ni asilimia 67. Fedha ikitangulia mbele ya kazi, gawanya: 13,400,000 kwa shule 4 ni 3,350,000 kwa shule, si 3,000,000. Kwa gharama hiyo shule 2 zilizosalia zinahitaji 6,700,000, na iliyopo ni 4,600,000. Kwa hiyo chini ya bakaa inayofurahisha macho kuna upungufu wa 2,100,000 ambao hauonekani popote kwenye jedwali la matumizi. Mfadhili mzoefu huigawanya mwenyewe. Asipoikuta hesabu hiyo kwenye ripoti, ataanza kuzitilia shaka na namba nyingine.

Sababu nayo itajwe kwa jina lake. Hapa ni fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa unaoshikilia mifereji. Bajeti ilipoandikwa hakuna aliyepanda ngazi kuugusa. Mafundi walipofika waliukuta umeoza katika shule zote 4, na mfereji ukifungwa kwenye ubao mbovu hung'oka mvua kubwa ya kwanza. Kuubadilisha kuligharimu wastani wa 350,000 kwa shule. Kusema "bei ya vifaa ilipanda" kungekuwa rahisi, lakini si kweli: bei haikupanda, ukaguzi haukufanyika. Mfadhili husamehe ukaguzi uliosahaulika mara moja. Hawezi kusaidia kurekebisha sababu aliyofichwa.

Kuna upungufu mwingine ambao wengi hawauoni. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili. Tanki lililokamilika Juni litakaa tupu miezi mitano au zaidi. Ripoti ikisema wanafunzi wa shule 4 sasa wanapata maji, inasema uongo, hata kama kila tanki limesimama imara. Kilichopo ni matanki 4 yaliyokaguliwa kwa kumwagiwa maji, na yatapimwa kwa mvua ya kwanza.

Hatua zinazofuata hutokana na hesabu ileile. "Tutaongeza juhudi" haimpi mfadhili chochote cha kukubali au kukataa. Mpe njia mbili zenye bei. Ya kwanza ni kukamilisha shule moja kwa 3,350,000, na 1,250,000 itakayobaki isubiri uamuzi wake kuhusu shule ya sita. Ya pili ni kuongezewa 2,100,000 ili zote 2 zikamilike. Kwa vyovyote, fisha bodi za shule hizo zikaguliwe Julai kabla ya kununua chochote, kwa sababu zikiwa nzima upungufu wenyewe utashuka. Jibu linahitajika kufikia mwisho wa Agosti ili ujenzi umalizike kabla ya Novemba kwisha. Na kama fedha inahama kutoka kifungu kimoja cha bajeti kwenda kingine, soma mkataba kwanza. Mingi huruhusu kiasi kidogo tu, mara nyingi asilimia 10, bila kibali cha maandishi.

Andika pia miezi, si "robo ya pili" peke yake. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza Julai 1, na wafadhili wengi huhesabu kuanzia Januari, hivyo robo ya pili yako inaweza kuwa ya nne kwa mwingine.

Hakuna haja ya kulifukuza neno changamoto. Liupishe tu upungufu utangulie: "Kati ya Aprili na Juni tuliahidi matanki 6, tumejenga 4, upungufu ni 2. Bakaa ni shilingi 4,600,000, na kuyakamilisha kunahitaji 6,700,000. Changamoto iliyotukuta ni fisha bodi zilizooza, ambazo hatukuzikagua tulipopanga bajeti."